Mafia: Kufuta jina hakutoshi

Mwaka 2000, Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, Mafia ndiyo iliyoanza kugawiwa dawa. Watu walimeza ivermectin na albendazole kwa pamoja, mara moja kwa mwaka. Kujua kama dawa inafanya kazi kunahitaji kupima damu, na kwa miaka mingi damu ya kupima ugonjwa huu ilibidi itolewe usiku, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu watoto wa minyoo inayouleta hujitokeza kwenye mishipa midogo ya ngozi saa ambazo mbu anauma. Siku hizi vipo vipimo vya mchana vya tone la kidole. Lakini iwe usiku au mchana, upimaji wa kijijini haufichiki. Meza inawekwa mahali pa wazi, watu wanapanga foleni, na kila anayepita anaona nani amesimama.

Ni foleni hiyo inayowapa taabu watafiti wanapofika hatua ya mwisho ya kazi yao. Majarida ya tiba sasa yanawataka waandike tamko la ushirikishaji wa data, yaani maelezo mafupi mwishoni mwa makala yanayosema kama data za kila mshiriki zitatolewa kwa wengine, zipi, lini, kwa nani na kwa njia gani. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ilianza kulidai tamko hili kwa majaribio ya tiba yanayowasilishwa tangu tarehe 1 Julai 2018. Kwa majaribio yanayoanza kuandikisha washiriki tangu tarehe 1 Januari 2019, mpango huo lazima uwemo tangu jaribio linaposajiliwa. Majarida mengi yanataka tamko la namna hiyo hata kwa tafiti ambazo si majaribio ya dawa.

Kamati hiyo haikuwalazimisha watafiti kutoa data. Imewalazimisha kusema. Anayeandika "data hazitatolewa" ametimiza sharti sawa na anayeandika "zitatolewa zote". Kwa hiyo uamuzi unabaki mikononi mwa mtafiti, taasisi yake na kamati ya maadili iliyompa kibali, na katika kisiwa kama Mafia uamuzi huo ni mgumu kuliko unavyoonekana ukiwa ofisini Dar es Salaam au ng'ambo.

Ugumu wenyewe ni huu. Tunapozungumza juu ya kulinda data, watu hufikiria mdukuzi wa mbali. Mdukuzi wa mbali hana haja na mabusha ya mzee wa kijiji cha Chole. Mwenye haja ni jirani, mkwe, mshindani wa kiti cha kijiji, mchumba wa binti. Huyo hahitaji jina kwenye faili. Tayari anajua kwamba mzee alikuwa kwenye foleni, anajua umri wake kwa kukadiria, anajua kazi yake na nyumba yake. Anachokosa ni kitu kimoja tu, nacho ni jibu la kipimo.

Mafia ina historia ya tatizo hili. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza kufanya utafiti kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965, na katika kitabu chake cha mwaka 1975 alikiita kijiji alichokaa Minazini, jina la kubuni. Kitabu chake cha 1997 kilichobeba simulizi za familia moja ya hapo nacho kilitumia majina ya kubuni kwa watu. Kwa msomaji wa London kinga hiyo ilitosha. Kwa msomaji aliyezaliwa kaskazini mwa Mafia sidhani kama ilihitaji kurasa nyingi kabla ya kumjua nani ni nani. Enzi zile kitabu kilikaa kwenye rafu za vyuo. Leo faili ya data ikiwekwa kwenye hazina ya mtandaoni inapatikana dakika ileile kwenye simu ya mtu aliyeko Kilindoni, Mafia.

Tuchukue utafiti mmoja, ambao nimeuunda kwa ajili ya makala haya ili hatua zionekane. Watu 640 wamepimwa matende na mabusha katika vijiji vitano: Kilindoni, Kirongwe, Baleni, Chole na Jibondo. Jedwali la data lina mstari mmoja kwa kila mtu, na safu hizi: namba ya utafiti, jina, simu, kijiji, alama za GPS za nyumba, jinsi, umri, kazi, kabila, tarehe ya kuhojiwa, jibu la kipimo cha damu, hatua ya busha, kama alimeza dawa mwaka uliopita, sababu ya kutomeza, na nafasi ya maelezo ya ziada ambayo mhoji aliandika kwa maneno yake.

Jina, simu na alama za nyumba zinaondoka bila mjadala. Ni vitambulisho vya moja kwa moja. Watu wengi huishia hapo na kuandika "data zimeondolewa utambulisho", kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Namba ya utafiti huonekana haina madhara, lakini uwandani namba hupangwa kwa mantiki: herufi mbili za kijiji, namba ya nyumba, namba ya mtu ndani ya nyumba. Mshiriki CH-014-02 ni mtu wa pili katika nyumba ya kumi na nne ya Chole, na mwenye nakala ya orodha ya kaya ya mwenyekiti ameshampata. Kwa hiyo namba hutupwa, zinatolewa mpya kwa bahati nasibu, na mistari yenyewe huchanganywa upya. Usipoichanganya, mpangilio wa faili unabaki kuwa ule wa foleni, na watu wa nyumba moja wanafuatana kama walivyosimama.

Halafu tarehe. Timu ya utafiti haikai vijiji vitano kwa siku moja. Ilikuwa Jibondo siku mbili, ikavuka kwenda Chole, ikarudi kisiwa kikubwa. Ukifuta safu ya kijiji ukaiacha safu ya tarehe, hujafuta kijiji. Yeyote anayekumbuka siku boti ya watafiti ilipotia nanga anaweza kukirudisha. Kinachofanyika ni kuacha mwezi tu, au kubadili tarehe iwe idadi ya siku tangu mshiriki alipoonwa mara ya kwanza, kama utafiti una ziara za kurudia.

Nafasi ya maelezo ya ziada ndiyo inayotisha kuliko zote. Hapo mhoji mwenye nia njema huandika: "Ni shemeji wa mwenyekiti, amekataa kuvua, amesema atakuja kesho." Hakuna programu itakayosafisha maneno ya namna hiyo kwa uhakika. Mimi ningeiondoa safu nzima, na kama ina jambo la kisayansi, jambo hilo lisomwe na watu wawili na kugeuzwa kuwa safu mpya yenye majibu machache yaliyopangwa. Picha za miguu na za mabusha zisiende kokote, hata zikiwa hazionyeshi uso. Kovu, shanga au mkeka ulio chini unatosha kumfichua mtu kwa anayemfahamu.

Sababu ya kutomeza dawa inahitaji jicho la mwanamke, au la mtu aliyewahi kuishi kijijini. Ivermectin haigawiwi kwa wajawazito. Kwa hiyo safu hiyo itakuwa na jibu "mjamzito", na kando yake kutakuwa na umri: 16. Faili haijasema jina la msichana. Imesema msichana wa miaka 16 alikuwa mjamzito mwezi fulani, na wazazi wake wanaweza kuwa hawakujua. Majibu yote ya aina hiyo yanaunganishwa kuwa moja: "sababu ya kiafya".

Sasa tumebaki na vitambulisho ambavyo kimoja kimoja havimfichui mtu, ila vikikutana vinamfichua: kijiji, jinsi, umri, kazi, kabila. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa kompyuta nchini Marekani katika miaka ya 1990, alionyesha nguvu ya mkutano huo alipoipata rekodi ya hospitali ya gavana wa Massachusetts, William Weld, kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsi na msimbo wa posta vilivyokuwa kwenye data za afya "zisizo na majina" na vile vilivyokuwa kwenye daftari la wapiga kura. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kanuni ambayo watunza data wanaitumia hadi leo. Hesabu ni watu wangapi kwenye faili wanafanana kwa vitambulisho hivyo vyote. Kama ni mmoja, amefichuka. Wengi huweka kima cha chini kuwa watano, na kwa mambo ya aibu huweka zaidi.

Tuhesabu kwenye jedwali letu. Mwanamume, miaka 63, fundi wa mashua, Chole: mmoja. Tufute kazi na kabila, tuweke umri katika makundi ya miaka kumi. Mwanamume, 60 hadi 69, Chole: watatu. Tuunganishe Chole na Jibondo tuviite "visiwa vidogo": tisa. Tisa ni zaidi ya watano, na hapo mtu anaweza kupumua na kuifunga kompyuta.

Asiifunge. Kati ya wale tisa, tuseme saba wana busha. Jirani hajui mzee wake ni mstari upi, lakini hana haja ya kujua. Akishajua kwamba mzee alipimwa, faili inamwambia kwamba kuna uwezekano mkubwa ana busha. Hesabu ya watu wanaofanana imetimia na siri imetoka vilevile. Ndiyo maana baada ya kuhesabu watu, mtu huhesabu pia majibu ndani ya kila kundi na kutazama kama yanatofautiana vya kutosha. Katika mfano wetu hayatofautiani, na dawa yake ni moja: safu ya mahali iondoke kabisa, ibaki Wilaya ya Mafia peke yake. Sasa wanaume wa miaka 60 hadi 69 ni 41, na wenye busha ni 17. Jirani amerudishwa kwenye kubahatisha.

Kuna vigezo vya nje vinavyounga mkono uamuzi huo. Kanuni ya faragha ya afya ya Marekani, katika njia yake iliyo rahisi zaidi kuifuata, hairuhusu kutaja eneo dogo linalotambulika kwa msimbo wa posta ikiwa lina watu wasiozidi 20,000. Sensa ya 2022 iliikuta Wilaya ya Mafia nzima na watu 66,180. Chole na Jibondo hazikaribii kizingiti hicho. Sisemi kwamba sheria ya Marekani inatawala Kilindoni, bali kwamba hata nchi yenye miji mikubwa iliona kijiji ni kitambulisho.

Kigezo kingine kinachotumiwa sana hakifai hapa, na ni vizuri kueleza kwa nini. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya hutoa alama za GPS za maeneo ya sampuli baada ya kuzisogeza kwa makusudi: hadi kilomita mbili mjini, hadi tano vijijini, na asilimia moja ya vijijini hadi kumi. Bara, kusogeza kilomita tano kunakupeleka kijiji kingine. Chole ni kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu. Isogeze nyumba ya Chole kilomita tano, na mara nyingi itaangukia baharini. Nukta iliyo majini inamwambia kila msomaji kwamba imesogezwa na kwamba asili yake ni kisiwa kidogo cha karibu. Ukiilazimisha nukta ibaki nchi kavu ndani ya Chole, hujaisogeza. Ninachokiona kuwa sahihi ni kuzitumia alama hizo kabla ya kuzifuta. Pima umbali wa kila nyumba hadi kituo cha afya, uweke katika makundi matatu au manne, uhifadhi makundi, kisha alama zenyewe zisitoke nje ya taasisi.

Hayo yote yana gharama, na mtafiti asiyeisema gharama hiyo hatendi haki. Faili isiyo na kijiji haiwezi tena kujibu swali la maana kuliko yote kwa mpango wa kutokomeza ugonjwa: maambukizi yamebakia wapi? Mtu wa Rufiji au Kilifi anayetaka kulinganisha visiwa vidogo na pwani ya bara hatapata kitu. Ndiyo sababu uamuzi hauhitaji kuwa wa kutoa au kuficha. Faili inaweza kugawanywa. Sehemu ya kwanza iko wazi kwa wote. Sehemu ya pili inapatikana kwa ombi na kwa mkataba. Sehemu ya tatu haitoki.

Uchaguzi wa hazina unafuata mgawanyo huo. Dryad huchapisha kila kitu bila kubakiza haki yoyote, na mwongozo wake wa data za watu unataka vitambulisho visivyo vya moja kwa moja visizidi vitatu. Inafaa sehemu ya wazi, lakini si sehemu ya pili. Zenodo, inayoendeshwa na CERN tangu 2013, inaruhusu maelezo ya data yaonekane na kila mtu huku faili zenyewe zikiwa zimefungwa hadi mwenyewe akubali ombi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome huko Kilifi kina kamati inayoyapitia maombi ya data, na mfumo wa namna hiyo ndio ninaoutamani kwa kila taasisi ya pwani, kwa sababu uamuzi unakuwa wa watu kadhaa na haumwachi mtafiti mmoja na barua pepe yake.

Barua pepe hiyo ndiyo kaburi la data nyingi. Maneno yanayopendwa sana kwenye matamko ni kwamba data "zinapatikana kwa mwandishi kwa ombi lenye sababu". Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti watatu wa Kroatia waliwaandikia waandishi wa makala 1,792 zilizoahidi hivyo. Asilimia 93 hawakujibu au walikataa. Anwani ya chuo ya mwanafunzi wa uzamivu hufungwa akihitimu, na mtafiti huhama au hustaafu. Kwa hiyo anayepokea maombi awe ofisi.

Kabla ya kuandika chochote, kuna karatasi moja inayotangulia zote: fomu ya ridhaa. Ikiwa mshiriki wa Jibondo alisomewa sentensi kwamba majibu yake "yataonwa na watafiti wa mradi huu tu", basi hakuna ufundi wa kufuta safu utakaoifanya ahadi hiyo iwe nyingine. Tamko liseme data hazitatolewa, na lieleze kwamba ridhaa haikuruhusu. Wanaoanza utafiti mpya waweke sentensi inayoeleweka, na kwa maoni yangu iwe na kisanduku chake peke yake, ili mtu aweze kukubali kupimwa na kukataa data zake ziwekwe hazinani. Kibali cha kitaifa cha maadili ya utafiti wa afya hutolewa chini ya NIMR, na data zinazokwenda nje ya nchi huhitaji mkataba wa kuhamisha data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na ina masharti juu ya kuzipeleka nje. Seva za hazina nyingi maarufu haziko Tanzania, hivyo mtu anayebonyeza kitufe cha kupakia akiwa Kilindoni amezipeleka nje.

Basi tamko la utafiti wetu wa mfano ningeliandika hivi:

"Data za mshiriki mmoja mmoja zilizoondolewa utambulisho (jinsi, kundi la umri, jibu la kipimo cha damu, kumeza dawa) zimewekwa kwenye hazina ya Zenodo pamoja na dodoso, itifaki na kamusi ya data, na ziko wazi kwa wote tangu siku ya kuchapishwa makala hii, bila kikomo cha muda. Data za hatua ya busha na umbali hadi kituo cha afya zimefungwa katika hazina hiyohiyo, kwa sababu washiriki wanatoka katika jamii ndogo ambamo wanaweza kutambulika. Zinapatikana kwa miaka kumi kwa watafiti wenye kibali cha maadili, kwa uchambuzi unaohusu matende na mabusha, baada ya kutia saini mkataba wa kutojaribu kuwatambua washiriki. Maombi yanapokelewa na ofisi ya data ya taasisi na kujibiwa ndani ya siku 30. Majina, vijiji, alama za nyumba, picha na maelezo ya maneno hayatatolewa. Ridhaa ya washiriki iliruhusu utaratibu huu."

Ni maneno machache, lakini maswali matano ya wahariri yamejibiwa: zitatolewa au hapana, zipi, hati gani zinaambatana nazo, kuanzia lini hadi lini, na kwa masharti gani. Sababu ya kufunga imetajwa. Msomaji wa Muhimbili anayetaka kuzitumia anajua ataandika wapi na atasubiri siku ngapi.

Limebaki jambo ambalo tamko halina nafasi yake. Hata faili iliyosafishwa kwa kila mtu inaweza kukiumiza kijiji kizima. Ramani ndani ya makala inayokipaka Jibondo rangi nyekundu haimtaji mtu yeyote, lakini kijana wa Jibondo anayeposa Kirongwe ataisikia. Watu wa hapo ndio wenye haki ya kuiona ramani kwanza, katika mkutano wa kijiji, kwa lugha yao, kabla jarida halijaipokea. Wakikataa jina la kijiji litajwe, jina litoke kwenye ramani, litoke kwenye jedwali, na litoke pia kwenye faili inayobaki ndani ya taasisi, ibaki namba ambayo ufunguo wake wanao ofisi ya data na mganga mkuu wa wilaya, anayehitaji kujua pa kupeleka dawa.